Kisoma kadi cha kuchomeka, cha chipu, au simu yenyewe: muuza sambusa wa Marekani achague kipi?

Mtu anayeuza sambusa, chapati na chai ya tangawizi kwenye soko la Jumamosi huko Columbus au Louisville huulizwa swali moja kabla jua halijawa kali: "Mnapokea kadi?" Akisema hapana, mteja huahidi kwenda kutoa pesa kwenye mashine na kurudi. Wachache hurudi. Kwa hiyo siku hizi hatubishani tena kama tupokee kadi au tusipokee, bali tupokee kwa kifaa gani.

Nalinganisha hapa njia tatu za kampuni moja, Square. Nimeichagua kwa kuwa ndiyo iliyoufanya mtindo huu ujulikane Marekani. Isitoshe, tukibaki na kampuni moja tunalinganisha vifaa vyenyewe, hatuchanganyi na matangazo ya makampuni. Njia ya kwanza ni kile kidude cheupe cha mraba kinachochomekwa kwenye simu, mteja akapitisha kadi yake kwenye ufa wake. Ya pili ni kisoma cha chipu, kinachoongea na simu kwa Bluetooth. Ya tatu haina kifaa chochote: mteja anagusisha kadi kwenye simu yako, basi.

Nianze na msimamo wangu. Kama simu yako inakubali, anza na simu yenyewe. Kidude cha kuchomeka kiwe akiba kwenye mkoba wa pesa. Kisoma cha chipu nunua pale bidhaa zako zinapopanda bei, au unapoona wateja wengi wana kadi za zamani zisizogusishwa.

Kwanza makato, maana watu huanza hapo

Mteja akiwa mbele yako na kadi yake, makato ya Square kwa mpango wa kawaida mwaka 2025 ni asilimia 2.6 ya mauzo, pamoja na senti 15 kwa kila muamala. Ni hayo hayo akipitisha kadi, akiichomeka chipu, au akigusisha. Ukichapa namba za kadi kwa mkono yanapanda hadi asilimia 3.5 na senti 15. Kwa hiyo katika njia zetu tatu hakuna iliyo nafuu kwa upande wa makato, na anayekwambia kifaa fulani "kinakata kidogo" anachanganya mambo.

Zile senti 15 ndizo za kuangalia. Tuseme sambusa moja ni dola 2.50. Asilimia 2.6 yake ni senti sita na nusu, ongeza 15, unapata kama senti 21 na nusu. Hiyo ni zaidi ya asilimia 8 ya bei. Sasa funga sambusa nne pamoja kwa dola 10: asilimia ni senti 26, ongeza 15, makato ni senti 41, yaani asilimia 4.1. Kwa siku ya mauzo ya dola 400, ukiuza moja moja utakuwa na miamala 160 na makato yatakaribia dola 34.40. Ukiuza kwa mafungu ya dola 10 utakuwa na miamala 40, na makato ni dola 16.40. Tofauti ni dola 18, na haikuletwa na kifaa. Imeletwa na namna ulivyopanga bei.

Wakongwe watakumbuka kwamba haikuwa hivi zamani. Hadi mwishoni mwa 2019 Square ilikuwa ikikata asilimia 2.75 tu, bila senti za juu, na sambusa moja ilikatwa kama senti saba. Ukisoma ushauri wa mtandaoni wa miaka ile unaosema "pokea kadi hata kwa dola moja", ujue hesabu yake imepitwa.

Kidude cha kuchomeka

Square ilianzishwa mwaka 2009 na Jack Dorsey pamoja na Jim McKelvey. McKelvey ni fundi wa vioo wa St. Louis, na alikuwa amekosa kuuza bomba la kioo la thamani ya zaidi ya dola 2,000 kwa sababu mteja alikuwa na kadi ya American Express, naye hakuwa na njia ya kuipokea. Wakati huo, kupata mashine ya kadi kulihitaji akaunti maalumu ya mfanyabiashara, mkataba, na ada ya kila mwezi. Muuza mitaani hakuwa na nafasi hapo.

Walichofanya ni kuigeuza simu kuwa mashine kwa kupitia tundu la hedifoni. Ukanda mweusi nyuma ya kadi una chembe za sumaku zilizopangwa kwa mpangilio unaobeba namba ya kadi, tarehe ya mwisho na jina la mwenye kadi. Ndani ya kidude kuna kichwa cha kusomea, cha aina ile ile iliyokuwa kwenye redio kaseti. Kadi ikipita, sumaku inazalisha umeme mdogo sana unaopanda na kushuka, na umeme huo unaingia kwenye simu kupitia waya wa maikrofoni. Kwa simu, ile ni sauti tu. Programu ndiyo inayoisikiliza na kuigeuza kuwa tarakimu.

Ukishaelewa hilo, matatizo yake mengi yanajieleza. Programu ikisema haioni kisomaji, jambo la kwanza la kuangalia ni kama umeinyima ruhusa ya maikrofoni kwenye mipangilio ya simu. Watu wengi huinyima kwa hadhari, wakijiuliza programu ya malipo inataka maikrofoni ya nini. Jambo la pili ni kava la simu: likiwa nene, kidude hakizami hadi mwisho, na pete za pini hazigusani na zile za ndani ya tundu. Tatu ni vumbi, na sokoni kwetu vumbi lenyewe ni unga wa ngano.

Kupitisha kadi nako kuna namna yake. Nguvu ya umeme unaozalishwa inategemea kasi ya ukanda kupita mbele ya kichwa, hivyo anayepitisha kwa upole kama anayeogopa kuikwaruza kadi hupata usomaji dhaifu, na anayesimama katikati hupata nusu ya taarifa. Pitisha mara moja, moja kwa moja, kwa mwendo wa kawaida, na kidole cha mkono mwingine kikishikilia kidude kisizunguke. Ikigoma mara mbili kwa kadi moja lakini ikakubali kadi nyingine, ukanda wa kadi ile umechakaa. Ikigoma kwa kadi zote, tatizo ni lako.

Tatizo jingine ni tundu lenyewe. iPhone 7 ya mwaka 2016 ilitoka bila tundu la hedifoni, na simu nyingi za bei kubwa zikafuata. Square ikatoa kidude chenye pini ya Lightning kwa ajili ya iPhone, lakini kuanzia iPhone 15 ya mwaka 2023 hata Lightning imeondoka. Kununua adapta ni bahati nasibu, kwani si kila adapta inapitisha waya wa maikrofoni. Nyingine zimetengenezwa kwa ajili ya kusikilizia tu.

Bei yake ni nzuri: cha kwanza wamekuwa wakikitoa bure kwa anayefungua akaunti, na cha ziada huuzwa dola 10. Lakini bei si gharama yote.

Ukanda wa sumaku unasema kitu kile kile kila unaposomwa. Mwizi aliyeunakili mara moja anaweza kutengeneza kadi bandia inayosoma sawasawa na halisi. Vidude vya mwanzo kabisa havikuwa hata na usimbaji, taarifa ziliingia kwenye simu zikiwa wazi, na mwaka 2011 kampuni shindani ya VeriFone ilizua zogo hadharani kuhusu jambo hilo. Vilivyofuata vikawekewa usimbaji ndani ya kidude chenyewe. Hilo linalinda kadi ya mteja isinakiliwe kwako. Halikulindi wewe dhidi ya kadi iliyonakiliwa kwingine.

Na hapa ndipo penye gharama iliyojificha. Tangu tarehe 1 Oktoba 2015, kanuni za mitandao ya kadi nchini Marekani zinasema hivi: kadi ya chipu ikighushiwa, na muuzaji akaipokea kwa kupitisha ukanda kwa sababu hana kifaa cha kusoma chipu, hasara inahamia upande wa muuzaji. Kabla ya hapo benki iliyotoa kadi ndiyo iliyobeba. Leo karibu kila kadi ya Marekani ina chipu, kwa hiyo karibu kila unapopitisha ukanda unajiweka kwenye kundi hilo. Kwa fungu la sambusa la dola 10 hatari hiyo inabebeka. Anayetengeneza kadi bandia hana haja na sambusa. Kwa mwenye meza ya vitenge, vikapu vya kiondo au spika za Bluetooth, hadithi ni nyingine.

Mastercard ilitangaza mwaka 2021 kwamba haitatoa tena kadi mpya zenye ukanda kuanzia 2029, na kufikia 2033 hazitakuwepo kabisa. Kidude hiki kina umri wake.

Kisoma cha chipu

Hiki ni kijisanduku cheupe kinachoenea kiganjani. Kizazi cha sasa kinauzwa dola 59. Hakichomekwi kwenye simu. Unakiunganisha kwa Bluetooth mara moja, na baada ya hapo kinaikumbuka simu yako. Mteja anachomeka kadi upande wa chipu au anaigusisha juu yake, na simu zenye Apple Pay au Google Pay zinapokelewa pia.

Tofauti yake na ukanda ni ya msingi. Chipu haitoi tu namba ya kadi. Kila muamala inatengeneza msimbo mpya wa siri unaofaa kwa muamala huo peke yake, kwa siri iliyomo ndani ya chipu ambayo haitoki nje. Anayerekodi mazungumzo hayo hapati cha kutumia kesho. Ndiyo maana kadi ya chipu ikighushiwa, na wewe umeisoma kwa chipu au kwa kugusisha, hasara ya kughushi haikuangukii. Zingatia kwamba nazungumzia kughushi tu. Mteja akidai baadaye kwamba hakupokea bidhaa, au kwamba kitenge kilikuwa na doa, anaweza bado kupinga malipo, na utatakiwa kujieleza kama mtu mwingine yeyote.

Taabu zake ni za kifaa chenye betri. Kikisahauliwa bila kuchajiwa usiku, asubuhi ni kipande cha plastiki. Sokoni penye visomaji vingi, kisiungwe kwa mara ya kwanza wakati foleni imesimama, fanya nyumbani. Kosa la kawaida la wateja ni kuchomoa kadi mapema. Chipu inahitaji kukaa hadi taa na mlio vithibitishe, na wengine wamezoea kupitisha na kuondoa. Waambie "iache kwanza", utapunguza nusu ya kurudia.

Watakaosoma wakiwa London au Stockholm watajiuliza kwa nini nasumbuka na ukanda. Kweli, Ulaya kidude cha kupitisha hakikupata nafasi kama Marekani, kwa sababu chipu na namba ya siri vilikuwa vimeshaenea kabla yake. iZettle ya Sweden, iliyoanzishwa 2010 na kununuliwa na PayPal mwaka 2018, ilianza na chipu tangu mwanzo, na mwaka 2013 wauzaji wa mitaani wa jarida la Situation Sthlm jijini Stockholm, watu wasio na makazi, walianza kupokea kadi kwa njia hiyo.

Simu peke yake

Njia ya tatu inaitwa Tap to Pay. Apple iliitangaza Februari 2022, na inahitaji iPhone XS au ya baada yake. Kwa Android, simu iwe na NFC, yaani teknolojia ya kusoma kadi kwa kugusisha. Unaandika kiasi, unachagua Tap to Pay, mteja anasogeza kadi au simu yake, mlio, kwisha. Kwa iPhone sehemu ya kugusisha ni juu karibu na kioo. Kwa Android nyingi ni mgongoni, na kila muundo una mahali pake, hivyo jaribu na kadi yako mwenyewe uijue sehemu hiyo kabla ya kwenda sokoni.

Haina bei ya kununua, haina betri ya pili, haina pini. Kiusalama iko sawa na kisoma cha chipu kwa sababu kadi inayogusishwa nayo hutoa msimbo wa mara moja. Ndiyo maana naiweka mbele.

Kasoro zake ni mbili. Haisomi chipu ya kuchomeka wala ukanda, kwa hiyo mteja mwenye kadi isiyo na alama ya yale mawimbi manne hana la kufanya kwako. Na simu yako ndiyo kila kitu: ndiyo orodha ya oda, ndiyo kamera, ndiyo mama mkwe anapopiga wakati mteja ameshika kadi hewani. Weka hali ya kutosumbuliwa saa za soko, na beba pawabenki.

Mtandao ukikatika

Hapa ndipo kidude cha kuchomeka kinapopata heshima yake. Sokoni mara nyingi watu elfu wako kwenye mnara mmoja, na saa sita mchana intaneti inazunguka tu. Programu ya Square ina hali ya kupokea malipo bila mtandao: inahifadhi muamala kwenye simu na kuutuma ukipata intaneti. Kupitisha ukanda kunafaa kwa kazi hiyo, na visoma vya chipu vya kizazi kipya navyo vinafaa. Tap to Pay mimi siitegemei bila intaneti.

Lakini elewa unachofanya. Muamala ule haujaidhinishwa na mtu yeyote. Kadi inaweza kuwa tupu au imefungwa, na utajua jioni mteja akiwa ameshakula na kuondoka. Hasara ni yako, Square hailipi. Tena una saa 24 tu za kuunganisha simu na intaneti. Zikipita, miamala inafutika. Kwa hiyo washa hali hiyo ukiwa umeweka kikomo cha kila muamala kwenye mipangilio, mimi ningeweka dola 20 kwa chakula, na usiondoke sokoni bila kuhakikisha miamala yote imetumwa. Kufuta programu au kutoka kwenye akaunti kabla haijatuma ni kuzitupa pesa zako.

Nani achague nini

Mama wa sambusa niliyemtaja, mwenye simu ya miaka mitano iliyopita yenye NFC: Tap to Pay, mafungu ya dola 10 badala ya moja moja, na kidude cha kuchomeka kama simu ina tundu lake, kwa ajili ya mtandao kukatika na kwa mzee mwenye kadi ya zamani. Hajatumia hata senti kununua kifaa.

Kijana wa vitenge na vikapu, ambaye muamala wake wa kawaida ni dola 45, anakatwa dola 1.32 kwa kila mmoja. Kadi moja bandia ikimpita anapoteza mzigo na dola 45 pia, na mbili zikipita hasara imeshazidi bei ya kisoma cha dola 59. Huyu anunue, na ukanda asiuguse kabisa. Kadi isiyokubali chipu aombe taslimu.

Mwenye simu ya zamani isiyo na NFC lakini yenye tundu la hedifoni, anayeuza vitu vya dola tano hadi kumi: kidude cha kuchomeka kinamtosha kwa sasa, ilimradi ajue analobeba.

Neno kwa wanaofikiria kuwapelekea ndugu vidude hivi kama zawadi. Square inafanya kazi katika nchi chache tu, zikiwemo Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Ufaransa, Uhispania, Japani na Australia, na akaunti hupokea malipo katika nchi ilikofunguliwa pekee. Kidude chako cha Ohio hakitapokea kitu Kariakoo wala Kongowea, hata ukisafiri nacho mwenyewe. Huko mteja ana simu na M-Pesa tayari, na muuza mihogo mwenye Lipa Namba iliyoandikwa kwenye boksi analipwa bila kuhitaji kadi ya mtu.